Mama ana matende, mguu unawaka kila baada ya wiki chache. Nimtunzeje kila siku?

Binti Masoko

Habari zenu wadau. Naomba ushauri kwa wanaojua, hasa waliouguza.

Mama yangu ana miaka 61, yuko Kilwa. Mguu wake wa kulia ulianza kuvimba mimi nikiwa darasa la tatu, sasa ni zaidi ya miaka 20. Hospitali walishasema ni matende. Kuanzia kifundo hadi chini kidogo ya goti ngozi imekuwa ngumu, ina mikunjo miwili mikubwa juu ya kifundo, na kwenye vidole kuna vinundu vidogo. Kwa hilo tumeshazoea.

Kinachonitoa usingizi ni homa. Tangu Januari ameshapatwa mara nne. Inaanza ghafla, mara nyingi jioni: anatetemeka kwa baridi, mtoki unauma kinenani, kisha mguu unakuwa wa moto, unang'aa, hata shuka likiugusa analia. Siku tano hivi hatoki kitandani. Homa ikiisha, ngozi inabanduka kama magamba na mguu unabaki mnene kuliko ulivyokuwa. Mara ya mwisho jirani alimleta mtu akamchanja chale "ili maji machafu yatoke". Nilikuwa Dar, nimejua baadaye.

Kuogesha anaogeshwa. Mdogo wangu anamkanda kwa maji ya moto yenye chumvi na kumsugua kwa jiwe la kusugulia visigino ili ngozi ilainike. Kisha anavaa soksi mpaka usiku kwa sababu ya harufu, anaona aibu kwa wageni. Tunakosea wapi?

Mdau wa Rufiji

Pole sana dada. Matende ni minyoo inayoenezwa na mbu. Mpe zile dawa za kingatiba wanazogawa kila mwaka, ameze bila kukosa, minyoo ikifa mguu utarudi. Wengi wanazikimbia ndiyo maana hawaponi.

Nesi wa Zamu

Dada, pole na uuguzi. Nimefanya kliniki ya hawa wagonjwa miaka kadhaa huku pwani, acha nikueleze taratibu.

Kaka wa Rufiji, kingatiba ni muhimu na mama ameze kama hana kizuizi, lakini kazi yake kubwa ni kuua vitoto vya minyoo vilivyo kwenye damu ili mbu wasivipeleke kwa wengine. Njia za maji ya mwili zilizokwisha kuharibika mguuni haizirudishi. Na homa hizi anazopata si minyoo mipya. Ni bakteria wa kawaida wanaokaa juu ya ngozi. Kwenye mguu mzima wakiingia wanadhibitiwa haraka. Kwenye mguu ambao maji yake hayatembei, wanakuta dimbwi na kuzaliana. Kila homa inaharibu njia zilizobaki, ndiyo maana umeona mguu unanenepa kila ikipita.

Kwa hiyo swali ni hili: wanaingilia wapi? Karibu kila mgonjwa niliyemkagua, mlango ulikuwa katikati ya vidole. Naomba mtu amkalishe mama mwangani, atenganishe vidole kimoja kimoja, hasa kati ya kidole kidogo na kinachokifuata. Aangalie kama ngozi ni nyeupe, imelowa, ina ufa. Kisha anyanyue ile mikunjo aangalie ndani yake. Rudi utuambie umeona nini, ndipo tuongee.

Lakini kuanzia leo jiwe liwekwe mbali. Chale zisirudiwe kabisa. Ile ni milango mtu anafungua kwa makusudi.

Fundi Pampu

Maji ya chumvi usiache dada. Bibi yangu aliishi nayo miaka mingi. Maji yawe ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, yanaua vijidudu. Afanye jioni, kwa sababu mchana kutwa ameshakanyaga vumbi, na taulo lake lianikwe juani, asichangie na mtu.

Bi Mkubwa wa Tongoni

Mwanangu, mimi mwenyewe ninao, mguu wa kushoto, tangu nimzae mtoto wangu wa pili. Nilikuwa nalala na homa kama mama yako. Sasa mwaka wa pili haijanikamata, isipokuwa mara moja niliposafiri msibani nikakaa siku sita bila kuosha mguu vizuri.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Nakaa kwenye kiti kifupi, beseni mbele. Maji ni yaleyale ya mtungini, nayajaribu kwa mkono kwanza, yasiwe ya moto. Maji ya moto yananifanya mguu uwake, nilishajaribu. Sabuni ni ya kuogea tu, ile isiyo na manukato makali. Naanzia juu, pale uvimbe unapoanzia chini ya goti, nashuka polepole kwa mkono na kitambaa laini cha kanga kuukuu. Nikifika kwenye mkunjo naufungua, naosha ndani, naendelea. Vidole ni vya mwisho. Kwa kuwa siwezi kuinama vizuri, mjukuu wangu anapitisha kitambaa chembamba kati ya kidole na kidole, taratibu kama anayefuta kioo cha taa ya chemli. Tunasuuza mpaka maji yatoke meupe. Sabuni ikibaki inawasha, ukijikuna umeshajipa kidonda.

Kukausha ndiko kunakochukua muda kuliko kuosha. Hatusugui, tunagusagusa na kitambaa kikavu. Katikati ya vidole na kwenye mikunjo napepewa na kipepeo cha makuti mpaka nihisi pamekauka kweli. Ukiacha unyevunyevu pale, umefanya kazi bure.

Nesi wa Zamu

Bi Mkubwa, sina la kuongeza kwenye kuosha.

Fundi Pampu, kwenye jioni na taulo uko sahihi kabisa. Kwenye moto hapana. Joto linaloua bakteria linaunguza ngozi kwanza, na mguu huu mara nyingi hauhisi vizuri, unaweza kuungua mgonjwa asijue. Chumvi nyingi inakausha ngozi mpaka ipasuke, na mpasuko ndio tunaoukimbia.

Jirani wa Volkano

Niko Musanze, Rwanda. Huku kwetu milimani miguu hii ipo mingi, tunaiita imidido, lakini haitokani na mbu. Ni udongo wa volkano kwa watu waliotembea peku tangu utotoni. Inaanzia nyayoni, huwa miguu yote miwili. Mama aliwahi kupimwa? Isije ikawa mnatibu kitu kingine.

Binti Masoko

Jirani, asante. Wa mama ni mguu mmoja, na alizaliwa na kukulia hapahapa pwani. Daktari alisema ni wa mbu.

Jirani wa Volkano

Basi sawa. Hata huku tunaoshwa hivyohivyo na kuvaa viatu, kwa hiyo hamtapoteza kitu.

Binti Masoko (siku tatu baadaye)

Nesi, mdogo wangu amemkagua nikiwa kwenye simu ya video. Kati ya kidole cha nne na cha tano ngozi ni nyeupe kama imelowekwa, na chini yake kuna ufa kama urefu wa punje ya mchele. Mama anasema panawasha miezi mingi, hakuona kama ni jambo la kutaja. Ndani ya mkunjo wa chini kuna utando wa kijivu, na harufu inatoka hapo. Kwingine kuzima.

Nesi wa Zamu

Umepata mlango. Hiyo nyeupe inayowasha inaonekana ni fangasi. Amwone mhudumu wa afya athibitishe, mara nyingi hutolewa krimu ya klotrimazoli. Inapakwa safu nyembamba baada ya kukauka, si kabla, na mnaendelea wiki kadhaa hata kama panaonekana pamepona. Watu huacha siku ya tano kuwasha kukiisha, fangasi wanarudi. Baada ya krimu wekeni kipande chembamba cha gozi safi kati ya vidole ili visigusane, kibadilishwe kikilowa.

Vaselini nayo ni nzuri kwa ngozi kavu ya muundi, lakini isiingie katikati ya vidole wala kwenye mikunjo. Pale panatakiwa pakavu.

Soksi ya kubana kutwa nzima kwenye joto la Kilwa ndiyo inayolea harufu. Avae kandambili pana au viatu vya wazi visivyomkwaruza, na asitembee peku hata uani. Akiwa amekaa, mguu uwe juu ya kiti kingine. Usiku inueni upande wa miguu wa kitanda kwa tofali moja kila tendegu. Ila kama ana tatizo la moyo au anapumua kwa shida akilala, msiinue mpaka daktari aseme. Na apimwe sukari, maana kidonda cha mwenye kisukari kina mwendo wake.

Homa ikirudi, siku hiyo hakuna mazoezi, hakuna kukanda, hakuna bendeji. Alale, mguu juu, kitambaa cha maji ya baridi, maji ya kunywa kwa wingi, parasetamoli, na apelekwe apewe antibiotiki mapema. Kozi isipungue siku 8. Wengi huacha siku ya tatu homa ikishuka. Akianza kuchanganyikiwa, kutapika dawa, au mguu ukitoa usaha, ni hospitali saa hiyohiyo.

Mdau wa Rufiji

Mjomba wangu anachomwa penisilini kila mwezi, na homa imekata. Kwa nini asichomwe na yeye?

Nesi wa Zamu

Wapo madaktari wanaowapa wagonjwa wa homa za kujirudia, na wapo wasiopenda. Nimeona wanaokaa salama wakiwa kwenye sindano, wakiacha inarudi kwa sababu vidole havikutibiwa. Nisingeanza nayo, lakini kwa mara nne kwa mwaka ni swali halali kumuuliza daktari wake.

Fundi Pampu

Na bendeji? Nimeona watu wanafungwa mguu unapungua.

Bi Mkubwa wa Tongoni

Mimi nilifungwa kliniki, ulipungua. Nilipojifunga mwenyewe nyumbani nilibana juu kuliko chini, vidole vikavimba. Sijarudia.

Binti Masoko (wiki ya saba)

Narudi na taarifa. Ufa umefunga wiki ya tatu. Klotrimazoli alithibitishiwa zahanati na bado anapaka. Mdogo wangu alikuwa anamaliza kuosha kwa dakika tano, nikamwambia anipigie kila jioni nimtazame. Sasa anatumia karibu nusu saa, na nyingi ni ya kukausha. Harufu imekwisha, mama amekaa barazani na wageni Ijumaa bila soksi.

Ukubwa wa mguu ni uleule, kamba niliyoupimia kifundoni inafika palepale. Homa haijarudi, ingawa zamani aliwahi kukaa miezi miwili bila homa, kwa hiyo bado nahesabu. Sukari imepimwa, iko sawa. Kuhusu sindano, daktari amesema tusubiri tuone miezi sita.

Bi Mkubwa, mama anauliza: hivyo vinundu vya vidoleni, vyako viliwahi kupungua?

Bi Mkubwa wa Tongoni

Mwambie vyangu vipo mwanangu. Vimelainika, lakini vipo. Navipitishia kitambaa katikati kila jioni, kimoja kimoja.