Tupeane uzoefu: Mauzo 86,000, akaunti inaingia 66,822. Ile skrinishoti ya malipo mnaisomaje?

MamaNdara (Mombasa)
Wakuu, habari za jioni. Nauza ndara na viatu vya kike kwenye soko moja la mtandaoni, jina nalihifadhi. Kila Jumatatu naletewa malipo ya wiki iliyopita, na mimi huangalia mstari wa chini tu, basi. Juzi mume wangu kaniuliza, "Wiki hii umeuza ngapi?" Nikamjibu elfu sitini na sita. Akachukua simu, akasoma mstari wa juu: themanini na sita. Nikaonekana kama namficha elfu ishirini!

Nawaandikia kama ilivyo kwenye skrini:

```
Gross sales       86,000.00
Refunds           -7,500.00
Commission        -9,420.00
VAT on commission -1,507.20
Other charges       -750.00
Net payout        66,822.80
```

Ninachojua ni kwamba kamisheni yangu ni asilimia 12. Sasa asilimia 12 ya 86,000 ni 10,320, mbona hapa pana 9,420? Na nyinyi wenzangu, imewahi kuwatokea nini na hizi hesabu? Tupeane uzoefu.

FundiSimu
Dada, hapo wamekosea na kosa limekufaa wewe. Nyamaza kimya. Halafu usijichoshe na mistari ya juu, mauzo ni kile kilichoingia benki. Mimi mwaka wa pili huu naandika hivyo kwenye daftari, sijaona shida.

BodaWaLikoni
Hizi skrinishoti ziogopeni. Mimi mteja alinionyesha meseji ya M-Pesa kabisa, jina langu lipo, kiasi kipo, nikamkabidhi simu ya 14,000. Kufika nyumbani salio liko vilevile. Kumbe alitengeneza picha.

MamaNdara (Mombasa)
Pole sana kaka. Yako ni ya utapeli, yangu pesa imeingia kweli, ila sielewi ilivyokatwa.

MhasibuMstaafu
Mama, hawajakosea. Kwanza toa waliorudishiwa pesa: 86,000 ukitoa 7,500 unabaki na 78,500. Asilimia 12 yake ni 9,420 kamili. Maana yake viatu vilivyorudi, soko lilikurudishia na kamisheni yake, ila hawakuionyesha kwenye mstari wake, wameichanganya humohumo. VAT nayo ni asilimia 16 ya ile kamisheni, si ya mauzo yako. Kwa hiyo mistari mitano ya juu inakubaliana na wa chini.

Swali langu ni hiyo 750. "Other charges" ni kapu la kutupia kila kitu. Usikubali kapu. Pakua ripoti yenye oda moja moja, si hii picha ya muhtasari, uone 750 imetoka kwenye oda zipi.

Na wewe FundiSimu, hapo kwenye daftari nakukatalia. Kama unalipa kodi ya mauzo, ile TOT, asilimia 3 tangu Julai 2023 inahesabiwa kwenye mauzo ghafi. Kamisheni ni gharama yako ya biashara, na TOT haitoi gharama. Mama akiandika 66,822 atalipa 2,004. Akiandika 78,500, yaani mauzo baada ya marejesho lakini kabla ya kamisheni, atalipa 2,355. Tofauti ya wiki moja ni ndogo, lakini zidisha kwa wiki za mwaka mzima, halafu ongeza faini.

FundiSimu
Lakini mzee, KRA wakitaka ushahidi si wanatazama taarifa ya benki? Benki haina hiyo 86,000.

MhasibuMstaafu
Benki haina, lakini soko linayo. Na ankara ya kamisheni wanayokutumia kila mwezi inasema wazi walikukata kiasi gani. Mtu yeyote akikuta kamisheni ya asilimia 12 anaweza kurudi nyuma mpaka kwenye mauzo.

BintiTanga
Mie yangu iliniuma kwa upande mwingine. Tulitia mtaji nusu kwa nusu na binamu yangu, tukawa tunauza vyombo vya jikoni. Yeye ndiye mwenye akaunti, mimi nanunua mzigo. Mwisho wa mwezi ananitumia skrinishoti, amekata ile sehemu ya juu tu kwa sababu ndiyo yenye namba kubwa na ya kijani. Mwezi wa kwanza ilisema 1,240,000. Mzigo ulitugharimu 800,000, tukasema faida ni 440,000, tukagawana 220,000 kila mtu. Sherehe!

Hakuna aliyeiba. Kamisheni, usafirishaji na sufuria zilizorudi vilikuwa vimekula 230,000. Faida ya kweli ilikuwa 210,000 kwa sote wawili. Kwa hiyo ile 230,000 iliyozidi tuliimega kwenye mtaji wenyewe tukidhani ni faida. Mwezi wa nne tukaenda kununua mzigo, hela haitoshi, kila mmoja akamtazama mwenzake vibaya. Mpaka leo kwenye harusi za ukoo tunakaa meza mbalimbali.

MswahiliWaMinnesota
Dada wa Mombasa, shukuru wanakurudishia kamisheni. Huku nauza magauni ya vitenge kwenye tovuti yangu mwenyewe, kadi zinapitia kwa kampuni ya kupokea malipo. Inakata asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila malipo. Gauni la dola 60, makato ni dola 2.04. Mteja akirudisha gauni, namrudishia dola 60 zake zote, lakini zile 2.04 hazirudi. Yaani gauni halikuuzika na bado nimelipia. Mwanzoni nilikuwa natafuta wapi senti zinapotelea, maana upande wa marejesho makato yanaandikwa sifuri, nikadhani sifuri ni salama.

Jingine: angalia tarehe. Marejesho ya wiki hii mara nyingi ni ya mauzo ya wiki mbili nyuma. Kuna wiki niliyouza magauni mawili tu, yakarudi matatu ya zamani. Malipo yakawa hasi, na wiki iliyofuata wakaanza kwa kukata deni. Mtu akiona picha ya wiki moja atadhani biashara imekufa.

FundiSimu
Basi hapo ndipo nauliza. Kiatu kimeuzwa Machi, TOT ya Machi nimeshalipa kabla ya tarehe 20 Aprili, mteja anarudisha Aprili. Napunguza kwenye Aprili au narudi kurekebisha Machi?

MhasibuMstaafu
Mimi wateja wangu huwa wanapunguza kwenye mwezi pesa iliporudi, na tunaweka oda zote kwenye faili. Lakini nimekutana na afisa aliyetaka Machi irekebishwe. Sitakuapia.

MswahiliWaMinnesota
Ndiyo maana mimi hata kama haihusu kodi, naandika namba ya oda pembeni ya kila marejesho.

MamaNdara (Mombasa)
Nimerudi. Nimepakua ile ripoti ndefu kama mzee alivyosema, nimekaa nayo hadi saa sita usiku na kalamu nyekundu. 7,500 ni jozi tatu za 2,500. 750 ni nauli ya kurudisha, 250 kila jozi, jozi tatu. Mpaka hapo safi.

Sasa nimeingia stoo nikahesabu. Zilizonirudia ni jozi mbili. Ya tatu, ya zambarau saizi 38, mteja amerudishiwa pesa, mimi nimekatwa nauli ya kuirudisha, na kiatu chenyewe sijakiona. Kama ningeendelea kutazama mstari wa chini nisingejua kamwe. Nimewaandikia, wamenipa namba ya malalamiko, leo siku ya nne wanasema "inashughulikiwa". Kuna aliyewahi kurudishiwa pesa ya kiatu kilichopotea njiani? Alisubiri muda gani?

BodaWaLikoni
Mama nipe jina la aliyebeba. Sisi wa boda tunajuana.