Modeli moja au kundi: tufunze ngapi?

Mwanzisha mada: Wakuu, modeli yangu ya magonjwa ya muhogo nikiipa jani la haragwe inasema ni batobato kwa 0.98. Nifunze modeli tano, au moja inatosha? Na kikomo ni ngapi?

Kisu_Kikali: Moja inatosha. Rekebisha kigezo cha joto kwa picha ulizotenga, hiyo 0.98 itashuka. Tano ni anasa ya wenye kadi za GPU za kuchezea.

Binti_Takwimu: Anasa? Kadi naikodi kwa saa, kwa hela yangu! Hilo joto ni namba moja uliyoipima kwa picha za muhogo. Litashusha majibu yote pamoja, la muhogo na la haragwe. Ovadia na wenzake walilionyesha hilo 2019: data ikibadilika, marekebisho hayo hayahimili, na makundi ndiyo yaliyostahimili zaidi.

Kodi_Mtaani: Hakikisha tu kila modeli inapewa fungu lake la data, la sivyo zitafanana zote.

Mkongwe: Hapana, mkuu. Lakshminarayanan, Pritzel na Blundell mwaka 2017 walizipa zote data yote. Uzito wa kuanzia wa kubahatisha na mpangilio tofauti wa data vinatosha kuzitenganisha. Ukizigawia mafungu, kila moja inadhoofika kwa uhaba wa picha. Chukua jani hilo la haragwe: tatu zikisema batobato kwa 0.98, na mbili ziseme michirizi ya kahawia huku batobato zikiipa 0.02, wastani ni kama 0.6. Hapo unajua pa kusita. Lakini zote tano zikikosea upande mmoja, kundi halikuokoi.

Kodi_Mtaani: Mimi nilichukua nakala tano za mafunzo ya mkondo mmoja, kila baada ya muda nahifadhi moja. Zote zilikubaliana hata kwenye picha za ukutani.

Mkongwe: Kwa sababu zilikuwa karibu karibu kwenye bonde lile lile. Anza upya kila mara. Kuhusu idadi, makosa ya modeli M yakihusiana kwa 0.6, mtawanyiko wa kosa la wastani wao, ukilinganisha na modeli moja, ni `0.6 + 0.4/M`. Modeli moja ni 1, tano ni 0.68, kumi ni 0.64. Tano za kwanza zimepunguza 0.32, tano za pili 0.04 tu.

Bwana_Shamba: Na simu ya mkulima itabeba tano? Yangu moja tu inaipasha moto.

Kisu_Kikali: Asante! Na Abe na wenzake 2022 walionyesha modeli moja kubwa zaidi, yenye usahihi sawa na kundi, inalifikia hata kwenye data ngeni. Dada, hilo nalo ni anasa?

Binti_Takwimu: Hiyo kubwa zaidi simu ya Bwana Shamba itaibeba? Usinihesabie hela yangu, kaka. Ifunze, uipe majani ya haragwe, uweke matokeo hapa.

Mwanzisha mada: Naanza na tatu, kila moja kwa mbegu yake ya kubahatisha. Kiwango cha kusita mnaweka wapi, 0.7 au 0.8?

Bwana_Shamba: Inategemea nani atakuja kulitazama jani hilo ikishasita. Kwetu afisa ugani ni mmoja.