Mrejesho: msimulizi asiyeshangaa

Niliuliza: "Msimulizi wangu hashangazwi na chochote, ila wasomaji wanamwona amepooza tu. Nifanyeje achekeshe?"

Asanteni wakuu. Nilifuta "ghafla", "ajabu" na alama zote za mshangao, nikampa jambo dogo la kumkera. Sasa kwenye feri ya Likoni ngamia aliyevaa koti anamuuliza saa:

"Nikamwambia saa mbili kasorobo. Hakushukuru. Watu wa Likoni hawakuwa hivi zamani."

Hapo jamaa walivunjika mbavu, maana kinachomkera ni adabu, si ngamia. Abiria wengine nimewaacha wapige mayowe. Bila wao ingekuwa ngano, ambako mnyama kusema ni kawaida. Ngamia wa pili nilimtoa, kicheko kilikuwa kinapoa.