Kurudisha chembe baada ya kusafisha na kukuza video ya kaseti: njia ipi kati ya hizi tatu?

mjukuu_wa_Tanga

Wakuu, habari za leo. Nina kaseti ya VHS ya harusi ya wazazi wangu, Tanga, 1994. Nimeinasa kwa 720x576, nikaipitisha kwenye bwdif ikawa fremu 50 kwa sekunde, nikasafisha chenga kwa nguvu zote, kisha nikaikuza hadi 1440x1080. Picha imetulia, ila watu wamegeuka midoli. Paji la uso la mama linang'aa kama mshumaa, ukuta nyuma ya jukwaa umetoka ngazi ngazi, na hina ya mkononi imebaki doa la kahawia.

Nimeambiwa nirudishe chembe laini juu yake. Naona njia tatu: kichujio cha `noise` cha ffmpeg, klipu ya chembe za filamu halisi inayowekwa juu ya video kwenye DaVinci Resolve, au kuichanganya video safi na ile ya mwanzo yenye chenga zake. Nani ameshazijaribu zote?

BabaSalha

Usijitese kijana. Mstari mmoja tu:

```
ffmpeg -i safi.mp4 -vf "noise=c0s=8:c0f=t" -c:v libx264 -crf 17 -tune grain -c:a copy harusi.mp4
```

Hiyo `c0` inagusa mwangaza peke yake. Ukitumia `alls` rangi nazo zinachafuka, unapata madoa ya kijani na zambarau kama simu ya zamani usiku. Na `t` usiisahau. Bila hiyo chembe zinaganda pale pale, watu wanaonekana wanacheza ngoma nyuma ya kioo chenye vumbi.

mlinzi_wa_mtaa

Sasa mimi sielewi. Kamera yangu ya getini usiku imejaa chenga hadi namba ya bodaboda haisomeki, nahangaika kuziondoa, nyie mnazirudisha? Nisaidieni na mimi basi.

BabaSalha

Fungua uzi wako mkuu, tutakuja. Ila nikuambie mapema: namba ambayo kamera haikuiona, ukisafisha na kukuza utachorewa namba yoyote ile. Usije ukampeleka mtu polisi kwa hiyo.

mjukuu_wa_Tanga

Mzee Salha, nimejaribu. Kwa 8 sioni kitu nikikaa kwenye kochi. Kwa 16 ni kama mtu kamwaga mchanga kwenye kioo, hasa suti nyeusi ya baba, yote inachemka. Na uso wa mama bado ni plastiki, sema sasa plastiki yenye mchanga.

Fundi_Kaseti

Unaongeza na kupunguza kiasi, lakini tatizo lako ni ukubwa wa chembe na mahali zinapokaa.

Anza na ukubwa. `noise` inamwaga chembe ya pikseli moja moja. Kwenye 1440x1080 hiyo ni ndogo mno, wakati picha yako yenyewe ni laini, kwa sababu VHS haina undani wa kujaza hata nusu ya pikseli hizo. Jicho linaona tabaka mbili zisizojuana, picha laini chini na mchanga mkali juu. Tengeneza chembe kwenye fremu ndogo zaidi kisha uikuze, zitanenepa kidogo na kingo zake zitalainika.

Halafu mahali. Chembe za filamu huonekana zaidi kwenye mwanga wa kati, yaani ngozi, ukuta, kivuli cha kawaida. Kwenye weusi mzito na weupe mkali karibu zinapotea. `noise` haijui hilo, inamwaga sawasawa kila mahali, ndiyo maana suti inachemka. Ukizipaka chembe kwenye fremu ya kijivu kisha ukaichanganya kwa mtindo wa overlay, hesabu yenyewe inazizima kwenye weusi na weupe.

```
ffmpeg -i safi.mp4 -f lavfi \
 -i "color=c=gray:s=960x720:r=25,format=yuv420p,noise=c0s=20:c0f=t" \
 -filter_complex "[1:v]scale=1440:1080[g];[0:v]format=yuv420p[v];[v][g]blend=c0_mode=overlay:shortest=1" \
 -c:v libx264 -crf 16 -tune grain -c:a copy harusi.mp4
```

Nimeweka chembe kwa 25 makusudi ingawa video yako ni 50. Zikibadilika mara 50 kwa sekunde jicho linazichanganya na zinaonekana hafifu, ndipo mtu anaongeza nguvu hadi anaharibu. Jaribu sekunde 20 tu za sehemu yenye uso mkubwa, utazame kwenye TV ukiwa umbali wa kawaida. Ukikagua kwa kukuza 200% kwenye kompyuta utadanganyika.

Klipu ya chembe halisi ya Resolve inafanya kazi ile ile, na ni nzuri ikiwa ndefu. Ya sekunde tano ikizunguka, ukuta mweupe utakuonyesha doa lile lile likirudi kila baada ya sekunde tano.

AV_Dodoma

Mbona mnazunguka? Tumia AV1. Unaweka `film-grain=20` kwenye `libsvtav1`, kodeki inazalisha chembe yenyewe wakati wa kucheza na faili linabaki dogo.

Fundi_Kaseti

Nusu ya maneno yako ni kweli. Chembe huzalishwa wakati wa kucheza, na nafasi unaokoa. Lakini SVT-AV1 hupima kwanza chenga zilizomo kwenye video unayoilisha, ndipo inajua izalishe za namna gani. Ya mjukuu imeshasafishwa hadi mfupa. Itapima nini? Ailishe ile iliyokwisha kuwekewa chembe, hapo nakubali.

AV_Dodoma

Nimejaribu sasa hivi na klipu safi. Kweli, karibu hakuna kitu. Zile nilizofanya zamani zilikuwa na chenga zake.

kolagredi

Njia ya tatu mmeiruka, na mimi ndiyo naipenda kuliko zote. Mwangaza wa video ya mwanzo, asilimia 20, juu ya ile safi. Hurudishi chenga tu, unarudisha na nyuzi za kitambaa na vinyweleo vilivyofutwa. Chembe za kutengeneza hazina habari yoyote ndani yake.

Fundi_Kaseti

Kwa filamu ya 16mm nakuunga mkono. Kwa VHS chenga zake ni vistari vya mlalo, ukivikuza mara mbili vinakuwa minyoo. Na programu ya kukuza ikisogeza picha hata nusu ya pikseli, kila ukingo unapata kivuli chake.

kolagredi

Kivuli kinaonekana mapema, unasogeza unamaliza. Minyoo kwa asilimia 20 mimi siioni. Labda macho yangu.

mjukuu_wa_Tanga

Mrejesho. Amri ya Fundi, nimeshusha `c0s` hadi 14. Suti imetulia, ngazi za ukutani zimepotea, na ngozi sasa ni ngozi. Faili limenenepa lakini si neno. Nimemtumia mama kipande kwa WhatsApp, kikafika chembe zote zimesagwa uji, vibonge vibonge shavuni.

Fundi_Kaseti

WhatsApp inabana upya, na chembe ndizo za kwanza kuliwa. Huko tuma ile safi isiyo na chembe. Yenye chembe weka kwenye flashi aitazame kwenye TV.

Hina imerudi?

mjukuu_wa_Tanga

Haijarudi. Doa ni lile lile, sasa lina chembe.

Fundi_Kaseti

Basi hiyo iliuawa kwenye kusafisha. Rudi kule ushushe nguvu hadi nusu, chenga kidogo zikibaki ziache, halafu kuza upya. Na chembe utazipunguza, pengine `c0s` 8 au 9 itatosha.

mjukuu_wa_Tanga

Saa mbili na nusu za harusi kwa kompyuta hii... Nimeshaiwasha. Nadhani Alhamisi nitakuwa na jibu.