Viti maalumu vimekuwa fimbo ya kutufukuzia majimboni. Nimechoka!

Asalaam aleykum wanajukwaa. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mie ni mwanamke wa Pemba, uchaguzi uliopita nilichukua fomu ndani ya chama changu kuomba uwakilishi wa jimbo. Chama sikitaji, maana wenzangu wa vyama vyengine nao wamenihadithia mambo hayo hayo.

Siku ya kura za maoni tulipewa dakika chache kila mmoja kujieleza mbele ya wajumbe. Wanaume waliulizwa habari za barabara, maji na zao la karafuu. Zamu yangu ilipofika, suali la mwanzo likawa: "Mumeo karidhia?" La pili likatoka kwa mzee mmoja aliyekaa mstari wa mbele, tena kasema kwa upole kama ananionea huruma: "Mwanangu, nyinyi mna viti vyenu. Huku tuachieni kina baba." Ukumbi mzima ukatikisa kichwa, naam, kweli. Nikaanguka.

Sasa nataka tuzungumze hilo neno "viti vyenu", maana ndipo ulipo ubaya wote.

Katiba ya Zanzibar inataka viti vya wanawake katika Baraza la Wawakilishi viwe asilimia 40 ya majimbo. Majimbo ni 50, kwa hiyo viti ni 20, na vyama vinagawana kulingana na ushindi wao. Piga hesabu: 50 za majimbo, 20 za wanawake, 10 za kuteuliwa na Rais. Hata majimbo yote 50 yakenda kwa wanaume, tayari robo ya Baraza ni wanawake. Chama kinajisifu majukwaani kwamba kimewajali akina mama, na hakijamsimamisha hata mmoja jimboni. Hakuna sheria inayokilazimisha. Kiwango kilichowekwa kiwe cha chini kabisa kimefanywa ndio mwisho wetu.

Haya, tuseme nende huko kwenye "viti vyetu". Huko hupigiwi kura na wananchi. Wanaokuchagua ni wajumbe wa jumuiya ya wanawake ya chama, mkoa mzima, kisha vikao vya juu vinakata na kupanga watakavyo. Anayetaka kiti lazima awajue wajumbe hao mmoja mmoja, awafuate vijijini, alipe nauli, akae nao vizuri miaka yote mitano. Mwenye kiti tayari ana posho ya kufanyia hayo, mie mwalimu nina nini? Ndio maana unaona sura zile zile zinarudi.

Na akishapata, anamwakilisha nani? Jimbo hana. Mfuko wa maendeleo ya jimbo si wake. Mama wa Micheweni ambaye kisima chake kimekauka anakwenda kwa mwakilishi wa jimbo, kwa sababu ndiye mwenye fungu. Wa viti maalumu anaitwa kwenye mahafali na kukabidhi vyerehani. Halafu watu wanauliza mbona wanawake barazani hawasikiki!

Nasema wazi: utaratibu huu ubadilishwe. Nani ananipinga?

Mzee_wa_Gombani: Dada, pole, lakini kushindwa ni kushindwa. Wanaume wangapi walianguka siku hiyo hiyo? Na hivyo viti vyenyewe havina maana kweli, kwa sababu mtu wa viti maalumu hawezi hata kuwa waziri. Bora vifutwe tu, kila mtu agombee jimbo.

Wakili_Mjini: Mzee wangu, hapo umechanganya. Waziri anaweza kutoka viti maalumu. Samia Suluhu aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000 kwa viti maalumu akapewa uwaziri papo hapo. Asiyeweza kutoka huko ni Waziri Mkuu wa Muungano: Katiba inataka awe mbunge wa kuchaguliwa jimboni. Na Samia mwenyewe mwaka 2010 alikwenda kugombea ubunge Makunduchi, akashinda. Kwa hiyo ngazi ipo, isipokuwa wachache mno wanaoipanda, wengi wanabaki walipoingilia.

Vyote vifutwe? Hapana. Tulikuwa na sheria ya 1985 iliyomfunga jela msichana aliyepata mimba nje ya ndoa, mwanamme akikanusha anakwenda zake. Ilibadilishwa 2005, kifungo kikaondoka ikaja adhabu ya kutumikia jamii. Siwezi kusema ni wawakilishi wanawake peke yao, wanaharakati walipiga kelele sana nje. Ila kelele za nje zinahitaji mtu ndani wa kuzipokea. Ukivifuta leo, kwa wajumbe kama hao wa dada, watabaki wanawake wangapi?

Mama_wa_Kiwani: Mimi usheha niliomba na nikanyimwa, nikaambiwa shehia yetu ina mambo mazito ya ardhi na magendo, haimfai mwanamke. Asilimia 40 ya masheha iko wapi?

Wakili_Mjini: Mama, usheha hauna kura wala kiwango. Ni uteuzi, na anayeteua ni Mkuu wa Mkoa. Lako ni zito ila ni jengine.

Mama_wa_Kiwani: Jengine vipi? Waliosema haimfai mwanamke ni watu wale wale.

Mwanzisha uzi: Mama yangu uko sawa, ni watu wale wale. Wakili, sijasema vifutwe. Nasema tupigiwe kura na watu. Kenya kila kaunti, zote 47, inachagua mwakilishi wake mwanamke, na wanaume wanampigia pia. Uganda wanafanya hivyo kwa wilaya. Sisi tuna wilaya 11 na viti 20. Kwa nini mwanamke asichaguliwe na Wilaya ya Micheweni nzima, akajulikana ni wa Micheweni, na akapewa fungu lake? Hapo mzee akisema "viti vyenu" nitamjibu kwamba na mie nimepigiwa kura kama yeye.

Bint_Konde: Wazo zuri kwa mwenye gari. Jimbo moja tu limekushinda nauli, wilaya nzima utaiweza? Mwanamke wa kawaida atashindwa vibaya zaidi, na watapita wenye waume matajiri. Tena wilaya 11 kwa viti 20 havigawanyiki, Mjini na Micheweni hazilingani watu. Mimi ningeanza na chama: kilazimishwe kusimamisha wanawake katika majimbo kinayoshinda siku zote. Yale ya kushindwa wanatupa kwa hiari yao.

Mwanzisha uzi: Hilo la majimbo ya kushindwa nimelishuhudia, umesema kweli. La nauli sina jibu.

Mzee_wa_Gombani: Haya, la uwaziri nimekosolewa nakubali. Lakini niulize na mie. Katika hao wajumbe waliokuangusha, wanawake hawakuwemo?

Mwanzisha uzi: Walikuwemo, karibu nusu ya ukumbi. Wagombea wanaume walikuwa wakikutana na waume wa wajumbe hao kila usiku barazani baada ya sala ya Isha, kwenye kahawa, pahali ambapo mie siwezi kwenda kukaa. Mjumbe mmoja alinifuata baadae akaniambia, "Dada, mie nilikupenda wewe, lakini nyumbani tulishazungumza." Kura ilikuwa ya siri, mzee wangu. Sasa niambie wewe, kile kikao cha barazani tunakifanyia sheria gani?