Hifadhi ya picha ya familia: Google One au Microsoft 365 Family? Mialiko inagoma na sisi tuko saba

BintiMikindani
Habari za jioni wadau. Naomba tulinganishe, maana nimechoka. Simu ya mama imejaa, ya baba imejaa, na yangu kila asubuhi inanikumbusha kwamba picha hazihifadhiwi tena. Nikaona badala ya kila mtu kuhangaika kivyake, nilipie Google One ya GB 200 tugawane nyumba nzima. Nimelipa wiki iliyopita. Mpaka leo aliyeingia ni mume wangu peke yake.

Mama tuko naye hapa hapa Mikindani, nimemtumia mwaliko mara mbili, anasema haoni kitu. Kaka yuko Palma, ng'ambo ya Ruvuma, ana duka huko mwaka wa nne sasa; yeye mwaliko kauona, akikubali anakataliwa. Dada yuko Dar, naye anakataliwa, na huyo wala hajavuka mpaka. Mdogo wetu ni mwalimu, anatumia barua pepe aliyopewa na shule yake, nayo imegoma. Baba bado sijamwalika. Jumla tuko saba.

Jirani ananiambia niachane nayo nihamie Microsoft 365 Family. Nihame au nikomae?

Chikongola_1
Dada mbona unajitesa. Kifurushi cha familia kipo kwenye menyu ya simu yako, unanunua, unaongeza namba za watu wako, MB mnagawana. Mimi niliongeza namba tatu zikakubali palepale.

BintiMikindani
Kaka asante, ila siulizii MB. Ni nafasi ya kuhifadhia picha na barua pepe.

KoroshoNaMtandao
Hapo pa idadi usiogope. Kikomo ni watu sita, yaani unaalika sita, wewe mwenyewe wa saba. Mnatosha kabisa. Huyo wa Palma aweke VPN ya Tanzania akubali mwaliko, aizime, mambo yameisha. Huyo mwalimu kweli hawezi, akaunti za shule haziingii kwenye kikundi cha familia.

FundiSimu_Masasi
Korosho umepatia moja, la mwalimu. Hayo mengine mawili utampotosha dada.

Sita ni pamoja na msimamizi. BintiMikindani anaalika watano, basi. Kwa hiyo hata mialiko yote ingekubali leo, mmoja angebaki nje. Apple nao ni sita hivyo hivyo, na Microsoft 365 Family ni sita hivyo hivyo. Kuhama hakukuongezei kiti.

La kaka. Google wanataka wanakikundi wawe nchi moja na msimamizi. Lakini hawaangalii tu simu iko wapi dakika ile unapobonyeza, ndiyo maana VPN haisaidii. Akaunti yenyewe ina nchi yake. Mwambie kaka afungue Play Store, aguse picha yake juu kulia, apite hivi:

```
Settings > General > Account and device preferences > Country and profiles
```

Akikuta Msumbiji pale, jibu mnalo. Nchi hiyo inabadilishwa, ila mara moja kwa mwaka, na inabidi awe yuko huku na awe na njia ya malipo ya huku. Na pesa yoyote iliyobaki kwenye Play ya Msumbiji haitumiki upande huu.

Dada wa Dar, muulize swali moja: kwa mwaka huu amewahi kuwa kwenye kikundi cha familia cha mtu mwingine?

Na mama, shika simu yake mwenyewe. Usimuulize barua pepe yake ni ipi, angalia. Hapa dukani kila wiki napokea simu za wazee zenye akaunti mbili: moja alifungua muuza simu siku ya kununua, nyingine alifungua mjukuu. Mwaliko unaenda kwenye ile ambayo hakuna anayeifungua, unakaa wiki mbili unakufa.

MamaTatu_Lindi
Haya ya mialiko yasikieni tu. Mimi ilikuwa huduma moja ya muziki, siitaji. Masharti yao wote mkae nyumba moja, na kila anayeingia anaandika anwani, lazima ifanane na ya mwenye kifurushi. Sasa mimi niliandika mtaa na namba ile ya kibao cha anwani za makazi ukutani. Mwanangu akaandika "karibu na msikiti". Akakataliwa. Tumerudia siku tatu hadi nikamwandikia kwenye karatasi aige herufi kwa herufi, ndipo ikakubali.

Ila nilichotaka kusema hasa ni kuhusu hizo nafasi sita. Mimi kwenye Google nilihesabu watu watano, mashine inasema tumejaa. Kumbe miaka miwili nyuma nilimfungulia mjukuu akaunti ya mtoto ili nimwekee ulinzi kwenye tableti. Tableti ilishakufa. Mtoto bado anahesabiwa.

FundiSimu_Masasi
Ndiyo mama, akaunti ya mtoto inayosimamiwa inakula kiti kama mtu mzima. Na wa chini ya miaka 13 lazima awe ndani ya kikundi, humtoi kama unavyomtoa shemeji.

MzeeShangani
Vijana, mimi natumia hiyo Microsoft, ngoja niwape picha. Tofauti si idadi ya watu, tofauti ni namna ya kugawana. Kule Google mnachota kwenye pipa moja. Kila mmoja anamaliza kwanza GB zake 15 za bure, zikiisha anaingia kwenye lenu la pamoja, na msimamizi hana namna ya kusema huyu mwisho GB 30. Akitokea mmoja anayerekodi kila ngoma na kila harusi, wenzake watakuta pipa tupu.

Microsoft kila mtu ana pipa lake, TB moja moja, hakuna anayemgusa mwenzake. Nao wanataka akaunti binafsi, ya kazini au ya shule haifai, lakini unaweza kuifungua kwa anwani yako ya Gmail hiyo hiyo. Ubaya wake ni kwamba picha haziendi huko zenyewe. Kila simu uweke programu ya OneDrive, uwashe kuhifadhi picha za kamera, umfundishe mwenye simu kwamba sasa picha zake anazitafuta humo. Mke wangu mpaka leo anafungua Google Photos, hazioni, ananiambia nimezifuta.

BintiMikindani
Shikamoo mzee, asante sana. Hapo kwenye kurekodi harusi umemsema dada yangu bila kumjua. Juzi ameniambia akaunti yake peke yake imebeba GB 15 zote na simu ina GB 90 za video ambazo hazijaenda popote. Nikimwingiza, karibu nusu ya GB zangu 200 imekwenda.

MzeeShangani
Marahaba mwanangu. Basi umeshapata jibu la nani aingie mwisho.

KoroshoNaMtandao
Nimekubali la sita, nilikosea. La VPN kuna jamaa yangu ilimkubalia, labda akaunti yake ilikuwa ya huku tangu mwanzo. Ila swali: mwaliko ambao mtu hajaujibu, unashika kiti? Maana kama unashika, dada ana mialiko minne inaning'inia, hata baba atakosa.

FundiSimu_Masasi
Mimi sipotezi muda kubishana na hilo. Mwaliko ulioning'inia naufuta kwanza, ndipo natuma mwingine. Unaingia `families.google.com/families` kwa akaunti ya msimamizi, unaona walioingia na waliotumiwa.

MamaTatu_Lindi
Kwangu nilivyofuta wa zamani ndipo mpya ukatoka. Sijui kama ndiyo sababu.

BintiMikindani
Wadau nimerudi, leo ni Jumapili nimeshinda nayo.

Mama: Fundi, ungekuwa umekaa hapa barazani usingesema vizuri zaidi. Simu ina akaunti mbili. Niliyokuwa namtumia mimi ni ile ya siku ya kununua simu, jina lake lina namba ndefu kama ya kitambulisho, nywila yake hakuna anayeijua. Picha zake zote ziko kwenye nyingine. Nimefuta mwaliko wa zamani, nimetuma kwenye hii, kakubali tukiwa tunamenya mihogo. Halafu picha zikawa bado hazipandi! Kumbe nilikuwa nimeunda kikundi lakini sijawasha kugawana hifadhi kwenye programu ya Google One. `Share Google One with family` ilikuwa imezimwa. Maana yake hata mume wangu wiki nzima alikuwa ndani ya kikundi bila faida. Nimewasha, simu ya mama ikaanza kupandisha.

Mdogo wangu kafungua Gmail binafsi, kaingia ndani ya dakika tano. Picha za zamani zilizo kwenye akaunti ya shule atazihamisha mwenyewe, hilo simsaidii.

Baba kaingia. Kwa hiyo tuko watano, kiti kimebaki kimoja.

Dada: nimemuuliza lile swali. Kwanza kakataa, baadaye kacheka. Alikuwa kikundi cha shemeji, akatoka, mwezi wa pili akaingia cha rafiki yake wa Tegeta waliyekuwa wanachangia, wakagombana mwezi wa nane akatoka.

FundiSimu_Masasi
Ndiyo hiyo. Kuhama kikundi ni mara moja ndani ya miezi 12. Kwenda kwa rafiki ndiyo kuhama kwenyewe, kwa hiyo hesabu toka mwezi wa pili alipoingia, si mwezi wa nane alipotoka. Kumtumia mwaliko kila siku hakusaidii, mwache hadi mwaka utimie.

Na mjue kingine, anayetoka kwenye kikundi akiwa amejaza zaidi ya GB 15 zake, picha hazifutiki siku hiyo, lakini hapandishi tena, na hata barua pepe mpya haziingii Gmail mpaka apunguze au alipie. Kwa huyo mwenye GB 90 lifikirieni kabla hamjamwingiza.

MzeeShangani
Kwa video hizo mimi ningemwambia achukue ya kwake peke yake. Kiti kimwachie kaka.

BintiMikindani
Mzee, na hapo ndipo penye ugomvi nyumbani. Kaka ameangalia, ni Msumbiji kweli. Anakuja msimu wa korosho, atakaa kama mwezi, anasema akifika abadilishe nchi kwa kadi ya benki ya huku. Mume wangu anasema sawa. Mimi naona akirudi Palma atakuwa anaishi kule na akaunti inasema yuko huku, na kuirudisha mpaka mwaka upite. Programu zake za benki ya kule si zitaleta shida?

KoroshoNaMtandao
Abadilishe tu. Ndugu wangapi wanaishi pande mbili za mto.

FundiSimu_Masasi
Mimi nisingebadilisha. Programu nyingine hutolewa kwa nchi fulani tu, na akishahamia huku akapoteza simu kule, kuzishusha upya kwenye simu mpya inaweza kumsumbua. Masharti yanasema nchi unayoishi, na yeye anaishi Palma.

BintiMikindani
Nitamwonyesha ujumbe huu akifika, aamue mwenyewe. Simu ya mama sasa inasema zimebaki picha 1,140.

Chikongola_1
Dada, na hizo picha zote zinapanda kwa MB za nani?