StochRSI inaanguka kutoka 62 hadi 14 na RSI imesimama palepale. Nisaidieni

Kijana wa Kiponda

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Natizama dhahabu, XAUUSD, kwenye TradingView, chati ya saa moja. Nimeweka RSI ya 14 na chini yake Stoch RSI kama ilivyokuja, yaani 3, 3, 14, 14. Kinachonishangaza ni kwamba RSI inatembea taratibu pale katikati, 47, 49, 48, lakini Stoch RSI inapanda hadi juu kabisa na kuporomoka hadi chini mara kadhaa kwa siku. Nikaamua kukokotoa mwenyewe kwenye Excel. RSI za mishumaa 14 ya mwisho, kuanzia ya zamani, ni hizi:

38, 46, 48, 51, 53, 54, 52, 50, 49, 47, 47, 49, 49, 48

Hapo napata 62.5. Mishumaa miwili iliyofuata RSI ilibaki 48, na jibu likawa 25, kisha 14. Bei haikufanya chochote cha maana! Je, kanuni nimeikosea, au ndivyo ilivyo? Na kama ndivyo ilivyo, ina faida gani kitu kinachoruka hivi?

Nahodha wa Mkoani

Waalaykum salaam. Kaka, hiyo 14 ni fupi mno kwa dhahabu. Nenda kwenye mipangilio, RSI ipandishe iwe 21 au 28, itatulia. Mimi natumia 28 na sioni fujo hizo.

Maalim wa Chake

Kijana, kanuni hujaikosea hata kidogo. Hebu tuiandike ili kila mtu aione:

```
StochRSI = 100 * (RSI - RSI_ndogo) / (RSI_kubwa - RSI_ndogo)
```

Ndogo na kubwa zinatoka kwenye mishumaa 14 ya mwisho. Kwako ndogo ni 38 na kubwa ni 54. RSI yako ya 48 imepita ile ndogo kwa 10, na upana wote ni 16, kwa hiyo 62.5.

Mshumaa mpya ukaingia, RSI 48 tena. Lakini alipoingia mmoja, mmoja ametoka, na aliyetoka ni ile 38. Sasa ndogo ni 46. Umeipita kwa 2 tu, na upana umebaki 8. Jibu 25. Mshumaa uliofuata ukaitoa nayo 46, ndogo ikawa 47, ukabaki na 1 juu ya 7, yaani 14. RSI haikusogea. Kilichosogea ni kipimo chenyewe, kama muuzaji anayebadilisha jiwe la mizani huku samaki ni yuleyule.

Kwa hiyo ukiona StochRSI imeruka, uliza kwanza: RSI imesogea, au kuna namba ya zamani imetoka dirishani? Njia ya kujua ni kuhesabu mishumaa 14 kwenda nyuma. Ukikuta pale kuna mshumaa wa habari, ule mrefu ulioitupa RSI hadi 38, basi mruko wa leo ni kivuli cha tukio la jana. Soko la sasa halijasema kitu.

Sababu ya pili ni huo upana. RSI yako ikipanda sasa kutoka 48 hadi 53, StochRSI inatoka 14 na kufika 86, kwa sababu unagawa kwa 7. Lau upana ungekuwa 40, mwendo uleule wa RSI ungeongeza 12 na nusu tu. Soko likilala, kanuni hii inakuza kila mtikisiko mdogo mpaka uonekane mkubwa.

Maalim wa Chake

Na Nahodha, nakubaliana nawe nusu. RSI ndefu inapunguza michongoko midogo, ni kweli. Ila RSI ya 28 hubana karibu na 50 kuliko ya 14. Pale ya 14 ilipotembea baina ya 46 na 54, ya 28 huenda ikatembea baina ya 48 na 52. Kisha kanuni inaichukua hiyo 4 na kuivuta tena ijaze sifuri mpaka mia. Chukua RSI zote za Kijana, punguza umbali wake kutoka 50 kwa nusu, kokotoa upya: utapata 62.5 ileile. Ukitaka kupunguza miruko ya ukingo hadi ukingo, refusha dirisha la pili, lile la stokastiki, kwa sababu ndilo linaloamua ndogo na kubwa zikae muda gani.

Bint Wete

Samahanini kuingilia. Mimi sifanyi biashara ya dhahabu, ila nyumbani tuna mikarafuu na kila msimu tunajadiliana tuuze lini. Je, kiashiria hiki kinaweza kutuonesha bei ya karafuu inapokaribia kupanda?

Maalim wa Chake

Hapana, mwanangu. Karafuu tunaiuzia ZSTC kwa bei iliyotangazwa, nayo haibadiliki kila siku kwa kuvutana kwa wanunuzi na wauzaji. RSI inapima mabadiliko ya bei, na bei ikikaa palepale RSI nayo haibadiliki. Baada ya siku 14 kubwa na ndogo zinakuwa namba moja, chini ya mstari kunakuwa sifuri, na hesabu inakwama. Lakini swali lako linamfaa Kijana pia: soko lolote likikaribia hali hiyo, jibu la StochRSI halina uzito.

Bint Wete

Nimefahamu, ahsante Maalim. Basi tutaendelea kuangalia ukavu wa karafuu zenyewe na daraja lake.

Mtu wa Darajani

Mimi naona mnaichafua bure. Mimi natumia chati ya dakika tano, ikigusa 80 nauza, ikigusa 20 nanunua. Inaruka, ndiyo, na ndiyo maana inanipa nafasi nyingi.

Kijana wa Kiponda

Ahsante sana Maalim, nimerudi kwenye Excel na kweli 38 ndiyo iliyotoka. Sasa nabaki na swali la pili. Kama 100 haimaanishi bei imenunuliwa kupita kiasi, inamaanisha nini? Na lini niiamini?

Maalim wa Chake

100 inamaanisha jambo moja tu: RSI imefika kimo chake cha juu kabisa ndani ya mishumaa 14. Inaweza kuwa 75, inaweza kuwa 55. Kwenye namba zako, RSI ikigusa 55 mshumaa unaofuata utaona 100, na 55 si kununuliwa kupita kiasi kwa kipimo chochote. Ndiyo maana, Mtu wa Darajani, kuuza kila inapogusa 80 kuna hatari: soko likipanda kwa nguvu, RSI inaweka kimo kipya mshumaa baada ya mshumaa, na StochRSI inaganda 100 huku bei inaendelea kukuacha.

Sasa faida yake. RSI aliitoa Welles Wilder mwaka 1978. Tushar Chande na Stanley Kroll, walioleta StochRSI mwaka 1994, walikuwa na lalamiko mahsusi: RSI inaweza kukaa muda mrefu baina ya 20 na 80 bila kugusa ukingo, na anayesubiri ukingo anasubiri bure. Hata kwenye trendi, ukingo wa upande wa pili huenda usiguswe.

Chukua chati ya saa nne ya dhahabu inayopanda. Tuseme RSI imefika 72, bei ikapumua, RSI ikashuka hadi 49. Anayengoja 30 hataipata, maana kwenye mpando wenye nguvu mara nyingi RSI haishuki huko. Lakini 49 hiyo ni ndogo kuliko zote 14, kwa hiyo StochRSI ni 0. RSI ikigeuka na kufika 53, unapata 4 juu ya 23, yaani 17. Ikifika 56 unapata 30, umeshavuka 20 kwenda juu. Hapo wepesi wake umekusaidia: umeonesha mahali pumziko lilipogeuka, na upana ulikuwa 23, si 7.

Angalia masharti mawili yaliyoufanya usomaji huo uwe na maana. Mwelekeo ulijulikana kwa kitu kingine, kwa mfano bei kuwa juu ya wastani wa siku 200, na ishara ikachukuliwa upande wa mwelekeo huo peke yake. Pili, upana wa RSI ulikuwa mkubwa. Haikwambii trendi itaendelea. Pumziko la mwisho kabla ya kuanguka linafanana kabisa na mapumziko yaliyotangulia, kwa hiyo kikomo cha hasara lazima kiwepo.

Mtu wa Darajani

Sawa, kuganda kwenye 100 nimekuona nako, sikatai. Lakini soko likienda upande upande, mimi njia yangu inanilipa.

Maalim wa Chake

Inawezekana, ndugu yangu, ikiwa upande upande wenyewe ni mpana. Ukiwa mwembamba, pengo la bei ya kununua na kuuza linakula faida kabla hujaiona. Na kwenye dakika tano usisome mshumaa ambao haujafunga. RSI yake inabadilika kila bei inapogusa, na upana wa 7 unaigeuza kila mguso kuwa mruko.

Kijana wa Kiponda

Nimeandika kipande hiki kwenye Pine kinichoree upana chini ya chati, na nimeiweka K iwe 1 ili nione jibu ghafi kabla ya kulainishwa:

```
//@version=5
indicator("Upana wa RSI")
r = ta.rsi(close, 14)
plot(ta.highest(r, 14) - ta.lowest(r, 14))
hline(15)
```

Hiyo 15 nimeiweka kwa kubahatisha. Maalim, wewe unaweka ngapi?

Maalim wa Chake

Kwa dhahabu ya saa moja na mimi sishuki chini ya 15, lakini ni mazoea ya macho, sina hesabu inayoithibitisha. Jozi tulivu kama EURGBP huenda ikataka namba nyingine. Pitisha mstari juu ya chati yako ya nyuma uone ishara zipi zinakufa na zipi zinabaki. Na K ukiirudisha 3, kumbuka unachokiona ni wastani wa majibu matatu: 62.5, 25 na 14 zako zingeonekana kama 34 hivi. Mruko unalainika, na ishara inachelewa.

Nahodha wa Mkoani

Kuhusu RSI ndefu nimekuelewa Maalim, nitajaribu dirisha la stokastiki la 21 badala yake. Ila 15 yako naona ni kali. Mpando mwingi mkubwa wa dhahabu huanza soko likiwa limebana, upana uko 9 au 10, na wewe utakuwa umeshazifuta ishara hizo zote. Mimi ningechukua ule mshumaa ambao upana unaanza kutanuka, hata kama bado haujafika 15.